Somo: Kumkatalia mhakiki katika barua ya majibu kwa mhariri

Wakuu, jarida likiturudishia makala na maoni ya wahakiki, wengi tukiandika barua ya majibu tunajiona tunabishana na mhakiki. Barua ile inafika kwanza kwa mhariri, naye ndiye mwenye uamuzi. Mhakiki huenda akaonyeshwa, huenda asionyeshwe. Kwa hiyo sauti ya barua ipime kwa masikio ya mtu wa tatu, asiye na ugomvi na yeyote, mwenye makala nyingine kibao mezani, anayetaka kujua tu hoja iko upande gani.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga, ila ombi lenyewe ni la kawaida sana. Makala inalinganisha makundi mawili ya wanafunzi, 42 kila kundi. Waliofundishwa kwa mbinu mpya wamewazidi wenzao kwa wastani wa alama 3.1, na thamani ya p ni 0.21. Mhakiki wa 2 anaandika: "Sampuli ni ndogo. Waandishi wakokotoe nguvu ya kitakwimu kwa kutumia tofauti waliyoipata."

Ombi hilo lina kasoro. Nguvu ya kitakwimu ni uwezekano wa utafiti kuigundua tofauti ambayo kweli ipo. Ikikokotolewa baada ya matokeo, kwa tofauti ileile iliyopatikana, inakuwa ni thamani ya p iliyovaa nguo nyingine. P ikiwa 0.05, nguvu hutoka karibu nusu. P ikipanda, nguvu inashuka. Hoenig na Heisey walilieleza hili mwaka 2001. Kwa hiyo una haki ya kukataa. Shida ni namna ya kukataa.

Hatua ya 1: Tenga wasiwasi na dawa. Maoni ya mhakiki mara nyingi yana vitu viwili ndani yake: kinachomsumbua, na anachotaka ukifanye. Hapa kinachomsumbua ni udogo wa sampuli, na yuko sahihi kabisa. Dawa aliyoandika ndiyo haitibu. Usipotenganisha, utajikuta unapinga vyote viwili, na mhariri atakuona mbishi hata pale ulipo na hoja.

Hatua ya 2: Andika jibu la hasira, kisha lichambue. Liandike kwenye faili la pembeni, si kwenye barua yenyewe. Langu lingekuwa hivi:

"Kwa heshima zote, Mhakiki wa 2 haelewi maana ya nguvu ya kitakwimu. Kama tulivyokwisha kueleza, ni wazi kwamba hesabu hiyo haina maana."

Sentensi mbili, makosa manne. "Kwa heshima zote" huwa inatangulia kofi, na kila msomaji anajua. "Haelewi" inamweka mtu kitimoto wakati kinachojadiliwa ni hesabu. "Kama tulivyokwisha kueleza" ni sauti ya mwalimu aliyechoka. Kama mlieleza na hakuona, andika kwamba maelezo hayakujitokeza vya kutosha, na uyasogeze mahali yatakapoonekana. Na "ni wazi" imekaa palepale ambapo sababu ilitakiwa kukaa.

Hatua ya 3: Liandike upya. Nakili maoni ya mhakiki yote bila kuyafupisha, kisha weka jibu chini yake:

"Tunakubaliana na Mhakiki wa 2 kwamba sampuli ni ndogo, na kwamba msomaji anapaswa kujua matokeo haya yabebeshwe uzito kiasi gani. Hata hivyo, hatukuongeza hesabu ya nguvu inayotumia tofauti iliyopatikana, kwa sababu hesabu hiyo hutokana na thamani ya p na haimpi msomaji habari mpya (Hoenig na Heisey, 2001). Badala yake tumeonyesha masafa ya kuaminika ya asilimia 95 ya tofauti hiyo, kuanzia alama -1.8 hadi 8.0. Tumeeleza pia kwamba data zetu haziondoi uwezekano wa tofauti ya alama 5, ambayo katika mpango wa utafiti tuliichukua kuwa ndogo kabisa yenye manufaa. Tazama mistari ya 212–219, na mistari ya 301–306 kwenye mapungufu ya utafiti."

Angalia neno "hatukuongeza". Hapo ndipo wengi wetu tunateleza, maana Kiswahili kimetulea kuizungusha "hapana" hadi isionekane: "tumelipokea ombi hili kwa mikono miwili na tunaendelea kulitafakari." Nyumbani hiyo ni adabu. Kwa mhariri ni usumbufu, kwani akimaliza kusoma hajui kama hesabu imewekwa au haijawekwa, na huenda akadhani unaficha. Kataa kwa kitenzi kimoja kinachoonekana. Adabu yako ionekane katika kukiri kilicho kweli na katika kutoa sababu.

Angalia pia kwamba makala imebadilika ingawa tumekataa. Mhakiki akitilia shaka jambo, wasomaji wengine nao watalitilia shaka, na wao hawataiona barua yako. Na masafa yale hayakuwekwa ili kujipamba: yanafika 8.0, maana yake mbinu huenda ina manufaa ya kweli na sisi tumeshindwa kuyathibitisha. Tumemkatalia mhakiki hesabu, lakini hofu yake tumeiandika waziwazi kwenye makala.

Hatua ya 4: Hesabu shukrani. Moja mwanzoni mwa barua inatosha. "Tunamshukuru sana mhakiki kwa maoni haya mazuri mno" ikirudiwa chini ya kila namba, hata ile ya nukta iliyosahaulika, inaanza kusikika kama kejeli.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, Mhakiki wa 1 anataka sehemu ya nadharia ipunguzwe, wa 2 anataka iongezwe. Nimfuate nani?*

Usiwagombanishe, na usimjibu kila mmoja kana kwamba mwenzake hayupo. Mwambie mhariri mwanzoni mwa barua: "Wahakiki wametofautiana kuhusu sehemu ya 2. Tumeifupisha, kwa kuwa matokeo hayategemei mjadala wa nadharia zote tatu. Ile moja aliyoisisitiza Mhakiki wa 2 tumeibakiza. Tuko tayari kuirefusha mhariri akiona inafaa." Umechagua, umetoa sababu, na mwenye kuamua umemwachia nafasi.

*Mkuu, wangu kaniandikia kwamba makala "imeandikwa kizembe". Nikae kimya?*

Kuhusu neno lenyewe, ndiyo. Tafuta ndani ya maoni yake kitu kinachoweza kurekebishwa, ujibu hicho: "Tumepitia upya muswada wote na kusahihisha jedwali la 2 na la 4, ambayo vichwa vyake havikulingana na maandishi." Kama amekutuhumu jambo zito, mfano kupika data, hilo lina barua yake ya pembeni kwa mhariri pamoja na ushahidi.

*Na akinitaka nitaje kazi tano, zote nahisi ni zake mwenyewe?*

"Nahisi" isiingie kwenye barua ya majibu. Zisome kweli, kisha: "Tumezisoma kazi tano zilizopendekezwa. Moja inahusu upimaji tunaoutumia, tumeitaja mstari wa 88. Nne zinahusu swali tofauti na letu, hivyo hatukuziongeza." Ukiona ni shinikizo, mwandikie mhariri faragha. Mara nyingi hata haihitajiki. Ataziona zile tano mwenyewe.

*Ninaruhusiwa kukataa mangapi?*

Hakuna idadi. Ila ukijikuta umekataa zaidi ya nusu, rudi hatua ya 1. Huenda kuna wasiwasi wa kweli umeutupa pamoja na dawa yake.