Kabla hujaenda jinja mwaka mpya, jifunze kwanza kushika kata

Wajapani huita hatsumode ile ziara ya kwanza ya mwaka kwenye jinja, yaani hekalu la Kishinto. Kama uko Japani na umealikwa, soma hapa kwanza.

Vaa nguo nzito. Beba sarafu. Ukienda Meiji Jingu, Tokyo, jua kwamba siku 3 za mwanzo wa Januari hupita hapo watu wapatao milioni 3, kwa hiyo usipange miadi mingine asubuhi ile. Kama hupendi msongamano, nenda tarehe 4 au 5. Bado inahesabika.

Ukifika kwenye lango la nguzo mbili, torii, inama kidogo ndipo uingie. Tembea pembeni, katikati ya njia ni pa mungu wa pale.

Sasa kwenye maji, ambapo niliumbuka. Kabla ya kusogea mbele utakuta birika kubwa la jiwe lenye kata za mianzi zenye mpini mrefu. Mimi nimekulia pwani, kata naijua, na kunawa kabla ya ibada sikufundishwa Japani. Basi nikaenda kwa kujiamini. Nikachota, nikaanza na mkono wa kulia kama ninavyotawadha, nikamwaga maji yote, nikachota tena. Nikaweka kata mdomoni, nikasukutua, nikatema humo humo birikani. Nyuma yangu pakawa kimya. Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu hakusema neno. Alichukua kata nyingine, akaniangalia kuhakikisha natazama, akafanya taratibu kama anayemfundisha mtoto.

Alichota mara moja tu. Kata ikiwa mkono wa kulia, akamwagia wa kushoto. Akaihamishia kushoto, akamwagia wa kulia. Akairudisha kulia, akajaza maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto, akasukutua kwa maji ya kiganjani na kuyatema chini, kwenye mfereji ulio nje ya birika, huku amejiziba mdomo. Akauosha tena mkono wa kushoto, kwa kuwa umegusa mdomo. Mwisho akaisimamisha kata wima, maji yaliyobaki yakateremka na kuosha mpini kwa ajili ya atakayefuata, akairudisha ikiwa imefudikizwa. Nilielewa hapo kwa nini wanachota mara moja: kata moja inatakiwa itoshe hatua zote, kwa hiyo kila hatua ni maji kidogo. Ukimwaga mengi mwanzoni, mpini hautaoshwa. Tangu korona, jinja nyingi ziliondoa kata na kuweka maji yanayotiririka kwenye bomba la mwanzi. Hapo nawa tu; kama wenzako hawasukutui, nawe usisukutue.

Mbele ya sanduku la sadaka, tumbukiza sarafu. Wengi hutoa yeni 5, maana kwa Kijapani yeni 5, "go-en", inatamkika sawa na neno la kujaaliwa kukutana na watu wema. Usiirushe kutoka mbali. Siku yenye umati, sarafu hutua vichwani mwa watu. Kisha inama mara 2 mpaka mgongo ulale, piga makofi 2, omba kimoyomoyo, inama mara 1. Kabla ya kupiga makofi, shusha kidogo kiganja cha kulia chini ya cha kushoto. Kwenye jinja ya Izumo Taisha wao hupiga makofi 4, basi tazama walio mbele yako. Na kwenye hekalu la Kibudha, kama Sensoji, hakuna makofi kabisa. Kama dini yako haikuruhusu, simama pembeni, hakuna atakayekuuliza.

Hirizi, omamori, usichague kwa rangi. Kila moja ina kazi yake iliyoandikwa juu: masomo, safari, afya. Nilimnunulia binamu yangu wa kiume, aliyekuwa anakaribia mtihani, kifuko kizuri cha waridi. Kiliandikwa 安産, kujifungua salama. Uliza kabla ya kulipa, na lipa kwa fedha taslimu. Kuwa na yeni 500 hadi 1,000 kwa kila moja. Usikifungue kifuko kuona kilichomo. Baada ya mwaka kinarudishwa pale pale kwenye sehemu ya kupokelea hirizi za zamani, zichomwe kwa heshima, hazitupwi jalalani.

Karatasi ya bahati, omikuji, ikikuandikia 凶, yaani bahati mbaya, ifunge kwenye kamba zilizowekwa na uondoke. Usiifunge kwenye tawi la mti. Aliyefiwa karibuni katika familia, kwa desturi yao, hungoja siku 50 kwanza, kwa hiyo usimshurutishe mwenzako akikataa kuja. Na wakati wa kutoka, geuka langoni uiname tena, lakini tazama nyuma yako kwanza, maana watu wanasukumana.