Kufungua barua pepe kwa salamu ya Kiswahili: somo kwa hatua, pamoja na maswali ya wanachama

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katibu muhtasi katika ofisi moja jijini Dar es Salaam, nilimwandikia mwalimu mmoja mstaafu kumwomba aje kutufungulia semina. Nilianza hivi: "Natumaini barua pepe hii inakukuta vyema." Majibu yalikuja baada ya siku mbili, nayo yalikuwa mafupi: "Haikunikuta vyema, mwanangu. Nimefiwa na kaka yangu, tuko msibani. Nitakujibu tukimaliza." Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mhudumu wa ofisi yetu, aliyekuwa akiishi naye mtaa mmoja, alikuwa na habari za msiba ule tangu siku ya kwanza. Sikumuuliza, kwa sababu sentensi niliyoizoea haikunidai niulize lolote.

Sentensi ile tumeitoa katika Kiingereza neno kwa neno, na katika safari hiyo imepotoka. Kiswahili kina namna yake ya kulichukulia neno "kukuta". Mtu akisema "yamemkuta" bila kutaja ni yapi, hakuna msikilizaji anayedhani ni mema. Barua zetu za zamani zilitumia neno hilohilo, lakini ziliandika "natumaini barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya", na hapo sentensi imesimama, kwa sababu inayotajwa ni hali ya mtu. Ukiandika "inakukuta vyema", unachokisifia wema ni huko kukutwa, na msomaji anabaki na maneno yasiyomgusa.

Barua hizo zilikuwa na jambo jingine ambalo barua pepe zetu zimelipoteza. Mwandishi alisema, "Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Mimi huku ni mzima, sijui hali yako," kisha ndipo akaja na "ama baada ya salamu". Alitoa habari zake na akaomba za mwenzake, kama watu wawili waliokutana njiani wanavyofanya, kwa kuwa salamu kwetu ni kupokezana. Mmoja husema "habari za nyumbani", mwenzake hujibu "njema, za kwenu?", na wanaendelea hadi watosheke. Barua pepe haina nafasi ya kupokezana namna hiyo. Kwa hiyo kazi yetu ni kuchagua salamu inayoweza kusimama yenyewe hata isipojibiwa, au swali moja tu ambalo msomaji ataona kwamba ni lake yeye.

Hatua ya kwanza ni kujua unamwitaje huyo unayemwandikia. Fikiria umekutana naye mlangoni: neno ambalo lingetoka mdomoni ndilo la kuandika, iwe Mwalimu, Mzee, Mama, Daktari, au Mheshimiwa kwa mbunge na jaji. Kwa mtu usiyemfahamu, ofisi za Tanzania bado zina "Ndugu", neno linalofaa kwa mwanamume na mwanamke na lisilodai ujue cheo chake, ilhali Kenya utakutana zaidi na "Bwana" au "Bi". Mimi siipendi "Mpendwa" katika barua ya kazi. Neno hilo lina nyumba zake mbili, kanisani na kwa wapenzi, na msomaji wa kwetu hulisikia kutoka huko kwanza.

Hatua ya pili ni salamu yenyewe, na hapa tusikimbie. Kwa mtu aliyekuzidi umri na mnayefahamiana, andika "Shikamoo". Wapo wanaodhani kwamba haiandikiki kwa kuwa "marahaba" haiwezi kusikika papo hapo, lakini mzee ataitikia atakapojibu, na wengi huanza majibu yao kwa neno hilo. Kwa mtu wa rika lako au mgeni kabisa, "habari" inatosha, mradi uifuatishe na neno lenye maana. "Habari za asubuhi" ni salamu ya uso kwa uso: wewe unaandika saa 2 asubuhi, naye anafungua ujumbe saa 11 jioni, hivyo salamu imeshachacha. "Habari za kazi" haichachi. Bora zaidi ni ile inayotaja mahali au siku mliyoonana mara ya mwisho: "Habari za tangu tulipoachana Dodoma." Maneno hayo matano yanamkumbusha msomaji wewe ni nani, na yanaonyesha kwamba hukuwaandikia watu hamsini sentensi moja.

Hatua ya tatu ni kuuliza kabla ya kuandika: je, kuna jambo limempata huyu mtu ambalo ningelitaja kama tungekutana? Kiswahili kimetuwekea maneno tayari kwa kila hali. Kuna "pole" kwa ugonjwa, safari na kazi nyingi. Kuna "hongera" kwa cheo, harusi na mtoto. Kuna "heri" kwa mwaka mpya na sikukuu. Kuna "nakutakia swaumu njema" kwa aliye katika mfungo wa Ramadhani. Maneno haya ndiyo salamu bora kwa barua pepe, kwa sababu kila moja linatolewa na kukamilika bila kungoja jibu. Hata "pole na majukumu" humgusa mtu kuliko kutumaini kwamba yu mzima. Usitaje, hata hivyo, jambo ambalo msomaji hajalitangaza. Ugonjwa uliousikia kwa pembeni si wa kuandikwa katika barua pepe ya ofisini, hasa kama nakala inakwenda kwa wengine.

Hatua ya nne ni kuvuka kutoka kwenye salamu kwenda kwenye shida. Wakubwa wetu waliweka kivuko hapa, "ama baada ya salamu", na bado kinafanya kazi vizuri katika umbo fupi la "Baada ya salamu, naomba…". Bila kivuko hicho, ombi huja ghafla na salamu huonekana kama mlango uliofunguliwa kwa teke. Ombi lenyewe lifuate katika sentensi hiyohiyo, kwa kuwa msomaji ameshaona kichwa cha ujumbe na anajua kwamba una jambo.

Kuhusu urefu, sentensi mbili za salamu zinatosha, na tatu ni kwa mtu wa karibu au mwenye msiba.

Sasa turudi kwa yule mwalimu mstaafu. Kama ningepita kwa mhudumu kwanza, nisingetuma ombi siku ile. Ningeandika pole peke yake: "Mwalimu, shikamoo. Poleni sana kwa msiba wa kaka yako. Nimepata habari leo kwa jirani yenu tunayefanya naye kazi. Mwenyezi Mungu awape subira." Tazama kwamba nimesema "poleni", si "pole", kwa kuwa aliyefiwa hayuko peke yake na msiba ni wa nyumba nzima. Nimetaja pia habari imenifikia kwa njia gani, ili asijiulize nimejuaje. Ombi lingesubiri hadi matanga yaanuliwe, kisha ningeandika hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Habari za tangu msiba, na wote nyumbani wanaendeleaje? Baada ya salamu, ofisi yetu inaomba uje kufungua semina ya walimu wapya tarehe 14 Machi, saa 3 asubuhi. Tutashukuru tukipata majibu yako kabla ya tarehe 5, ili tuandae usafiri wa kukufuata nyumbani."

Hapo swali la salamu ni moja, linahusu jambo ambalo sisi wawili tunalijua, na akitaka kulijibu ana la kusema.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Mombasa: Mimi ni wakala wa forodha, na wateja wangu wengi ni Waislamu kama mimi. Je, naweza kuanza na "Asalamu aleikum" katika barua ya ankara?

Jibu: Ndiyo, ikiwa unamjua msomaji na nakala haiendi kwa usiowajua. Iandike kamili, kwa sababu kuifupisha kwa herufi mbili tatu ni kuipunguzia heshima, na wapo wanaoudhika. Ikiwa ni wewe uliyeandikiwa salamu hiyo, itikia "Waaleikum salaam" kabla ya kugusa habari ya ankara. Kwa kundi la watu mchanganyiko, "Salaam" au "Habari zenu" itawakusanya wote.

Swali kutoka Nairobi: Ninawaandikia watumishi arobaini kwa mpigo. "Hujambo" inafaa?

Jibu: "Hujambo" ni ya mtu mmoja, na kwa wengi ni "Hamjambo". Wako wanaotetea umoja kwa hoja kwamba kila mtu anasoma peke yake, lakini majina yote arobaini yanaonekana hapo juu, hivyo msomaji anajua wazi kwamba hasemeshwi peke yake. "Habarini" imeenea sana katika mazungumzo na ujumbe wa simu. Katika maandishi ya kazi mimi huchagua "Habari zenu".

Swali kutoka Lubumbashi: Kwetu tunaanza na "Jambo", na ni salamu ya heshima. Mwenzangu wa Arusha aliniambia niiache. Kwa nini?

Jibu: Haina kosa lolote, na ukiwaandikia watu wa kwenu usiibadilishe. Huku Tanzania na Kenya, "Jambo" pekee imekuwa salamu ya kuwapokea watalii, kwa hiyo msomaji wa Arusha anaweza kudhani umemwona mgeni. Yeye mwandikie "Hujambo" au "Habari za kazi", na akikuandikia wewe, aitumie ya kwenu.

Swali kutoka Tanga: Ninatuma barua rasmi iliyoambatishwa, yenye kumbukumbu namba na "YAH:". Salamu niiweke wapi?

Jibu: Iweke katika ujumbe wenyewe, usiiweke ndani ya barua. Barua rasmi huanza na "Ndugu" au cheo, kisha "YAH:", na huingia moja kwa moja kwenye jambo. Itahifadhiwa katika jalada na kusomwa na watu ambao hukuwasalimu. Ujumbe unaoibeba ndio mkono wako unaobisha hodi, nao unatosha kuwa na mistari miwili: "Habari za kazi, Ndugu. Baada ya salamu, tafadhali pokea barua yetu iliyoambatishwa."

Swali kutoka Dodoma: Mkuu wangu wa kitengo ana umri wa miaka 31, nami nina 54. Nimwandikie shikamoo kwa sababu ya cheo chake?

Jibu: Hapana. Shikamoo hufuata umri, na ukimpa kijana wa kumzaa utamweka pabaya, kwa sababu hataweza kuitikia "marahaba" mbele yako. Cheo chake kipe heshima kwa jina: "Mkuu, habari za kazi." Usishangae akijibu kwa kukuamkia yeye. Ukiona hivyo, anza majibu yako na "Marahaba", kisha endelea na kazi.