Somo: Mayonezi ya nyumbani bila yai bichi, kwa meza yenye mjamzito au mzee

Ninapika chakula cha shughuli hapa Tabora, na somo hili limetokana na kosa langu mwenyewe. Katika ubatizo wa mjukuu wetu, Jumapili moja ya mwezi wa kumi, nilitengeneza mayonezi kwa viini vinne vibichi, nikachanganya na viazi vya kuchemsha saa nne asubuhi, na saladi ikaliwa saa tisa alasiri baada ya kukaa mezani chini ya kitambaa. Kesho yake mchana vijana kadhaa waliharisha, na baada ya siku moja au mbili walikuwa wamepona. Mama mkwe, mwenye miaka 78 na anayetumia vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo, alipata homa kali na akalazwa siku tano kwa kuishiwa maji. Mabaki hayakupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni mayai, lakini kila nilichofanya siku ile kilikuwa kinawalea bakteria wa salmonela.

Bakteria hao wanaweza kuwa juu ya ganda, kutokana na kinyesi cha kuku, au ndani ya yai lenyewe, kwa sababu kuku aliyeambukizwa huweza kuwapitisha kwenye yai kabla ganda halijajengeka. Hao wa ndani hawaondoki kwa kuosha. Tena, ukivunja mayai manne katika bakuli moja, yai moja lenye ugonjwa linatosha kuchafua bakuli zima, na joto la mchana wetu linawafanya waongezeke haraka. Mtu mwenye afya ana asidi ya tumbo inayowapunguza njiani. Mzee mara nyingi anayo kidogo, na akitumia vidonge kama vya mama mkwe hubaki nayo kidogo zaidi, hivyo bakteria wachache tu wanaweza kumwangusha na hata kuingia kwenye damu. Kwa mjamzito, homa kali na kuishiwa maji humwelemea yeye na mtoto, na mara chache maambukizi yakifika kwenye damu yanaweza kusababisha mimba kuharibika au uchungu kuanza kabla ya wakati.

Njia ninayotumia sasa ni kupika viini kabla ya kutia mafuta. Unahitaji viini viwili, vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau au siki, vijiko viwili vya maji, nusu kijiko cha chai cha sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, haradali kidogo ukipenda, na kikombe kimoja cha mafuta ya alizeti.

Hatua ya kwanza. Changanya viini, limau, maji na sukari katika sufuria ndogo yenye kitako kizito, kabla ya kuiweka jikoni. Usiache limau kwa ajili ya baadaye, kwa kuwa asidi na maji ndivyo vinavyochelewesha kiini kuganda, vikakupa nafasi ya kukipasha vya kutosha bila kupata mayai ya kuvuruga.

Hatua ya pili. Punguza moto kabisa. Kwa jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu hadi uweze kushikilia kiganja juu yake kwa muda bila kukiondoa haraka. Koroga bila kupumzika, ukipitisha mwiko kwenye kona zote za sufuria. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 71. Asiye nacho aangalie mapovu yatakayoanza kutokota sehemu moja au mbili, na hapo ndipo aipue. Mchanganyiko kuwa mzito bila mapovu hautoshi, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa ninaowafundisha, kwa sababu wanaogopa mabonge kuliko wanavyoogopa ugonjwa. Mabonge machache huchujwa.

Hatua ya tatu. Acha utulie dakika nne, kisha mimina kwenye blenda iliyooshwa pamoja na chumvi na haradali. Saga huku ukitia mafuta kama uzi mwembamba, hasa mwanzoni. Yakitengana, anza na kijiko kimoja cha maji ya uvuguvugu katika chombo kingine, umiminie mayonezi iliyokatika polepole huku ukipiga.

Hatua ya nne. Iweke kwenye friji mara moja na uichanganye na viazi vilivyopoa karibu na wakati wa kula. Nje isikae zaidi ya saa mbili, na siku joto likizidi nyuzi 32 isizidi saa moja, maana viazi huzimua ule ukali wa limau na bakteria kutoka kwenye mikono au kisu wanapata pa kukulia. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa takriban saa nne.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mama. Mimi natumia mayai ya kienyeji ya siku hiyohiyo, na huyajaribu kwa kuyazamisha majini. Nina ujauzito wa miezi mitano. Bado ni lazima nipike kiini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Ndiyo, ni lazima. Yai kuzama kunaonyesha tu kwamba si la zamani, na yai la leo asubuhi linaweza kuwa na salmonela bila harufu wala rangi yoyote. Kuku wa kienyeji naye anatembea na kudonoa kwenye uchafu. Zaidi ya hayo, usiloweke mayai kwenye maji baridi, kwa kuwa ganda lina vitundu na yai lenye joto likipoa ndani ya maji linaweza kuvuta uchafu kuelekea ndani.

Swali: Nilidhani limau linaua kila kitu, na friji inamalizia kazi. (Kigoma, Ujiji)

Jibu: Ndugu yangu, limau linaua kwa muda na kwa kiasi, tena hufanya kazi hiyo polepole zaidi ndani ya baridi. Friji inawazuia bakteria kuongezeka lakini haiwaui, na kugandisha nako hakuwaui. Kwa hiyo aiskrimu ya mayai mabichi haiwi salama kwa kuwa ngumu kama jiwe.

Swali: Nauza vitindamlo, ikiwemo musi ya chokoleti. Chokoleti yangu ni ya moto ninapotia viini. Si vinaiva humo?

Jibu: Hapana dada, chokoleti iliyoyeyushwa hupoa mara tu inapokutana na viini, na ute unaopigwa povu na kuongezwa mwishoni haupati joto lolote. Pika viini pamoja na maziwa na sukari hadi nyuzi 71 kabla ya kutia chokoleti, na badala ya ute tumia krimu iliyopigwa. Kastadi ya unga wa kopo kwa kawaida ni wanga wa mahindi usio na yai, ila soma kopo.

Swali: Shemeji yangu yuko Uingereza na anasema huko wajawazito wanaruhusiwa yai lisiloiva.

Jibu: Ni kweli, tangu 2017, lakini ni kwa mayai yenye mhuri wa simba, yanayotoka kwenye mfumo ambao kuku wanachanjwa dhidi ya salmonela. Trei unayonunua sokoni kwetu haina mhuri huo.

Swali: Mama yangu amekula musi mbichi jana kwenye sherehe. Nifanye nini?

Jibu: Asipoumwa, mwangalie tu, dalili huja kati ya saa sita na siku tatu. Akianza kuharisha mpe maji ya ORS kidogo kidogo, na usimnunulie antibayotiki dukani. Homa, damu kwenye choo, kutapika kila anachokunywa au mkojo kuwa mchache ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na kwa mjamzito homa pekee inatosha. Mkifika mtaje yai bichi na saa aliyokula, kwa sababu homa huku kwetu huanza kudhaniwa malaria. Kipimo cha malaria afanye, ila kikitoka safi msirudi nyumbani kabla ya kuulizia hilo la chakula.