Kabla hujaupa mshale jina: kusoma michoro ya mzunguko wa kaboni na wa maji

Mtihani ukikutaka utaje mchakato unaoonyeshwa na kila mshale, mshale unaotoka kwenye mti kwenda hewani una majibu mawili, na yote ni sahihi. Katika mchoro wa kaboni mshale huo ni upumuaji. Katika mchoro wa maji ni utoaji mvuke wa mimea. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, hakikisha unajua mshale umebeba nini. Soma kichwa cha mchoro, kisha maneno yaliyomo kwenye visanduku: makaa ya mawe, mabaki ya viumbe na kaboni dioksaidi yanakupeleka kwenye kaboni, mawingu, mito na maji ya ardhini yanakupeleka kwenye maji. Ipo pia michoro inayoweka mizunguko yote miwili kwenye mandhari moja, na hapo rangi za mishale na ufafanuzi wake pembeni ndivyo vinavyoitenganisha. Watahiniwa wengi huuruka ufafanuzi huo, na ni hasara ya bure.

Ukishajua kinachosafiri, usikimbilie orodha ya majina. Andika kwa penseli pembeni mwa kila mshale umetoka wapi na umeishia wapi, kisha jiulize kitu kilikuwa katika hali gani mwanzoni na kimekuwa katika hali gani mwishoni. Jina la mchakato hutoka kwenye badiliko hilo, na ncha ya mshale ndiyo inayokuonyesha badiliko limekwenda upande gani. Anayeangalia picha tu huona mti na jua akaandika usanisinuru, hata kama ncha inaelekea hewani.

Tuchukue mchoro wa kaboni wenye visanduku vitano: hewa, mimea, wanyama, mabaki ya viumbe udongoni, na makaa ya mawe pamoja na mafuta. Mshale A unatoka hewani kwenda kwenye mimea. Kaboni ilikuwa kwenye gesi, sasa iko kwenye sukari, kwa hiyo ni usanisinuru. Kati ya visanduku hivi vitano huo ndio mshale pekee unaoiondoa kaboni hewani, kwa hiyo uanze nao. Mshale B unarudi kutoka kwenye mimea kwenda hewani, na C unatoka kwenye mimea kwenda kwa wanyama. Katika C kaboni haikugeuka gesi hata kidogo. Imehama ikiwa ndani ya chakula, nao ni ulaji. Mshale D, kutoka kwa wanyama kwenda kwenye mabaki, ni kifo na utoaji wa kinyesi. Wengi huandika uozaji hapa kwa sababu mzoga unawajia akilini, lakini uozaji ni mshale E, unaotoka kwenye mabaki kwenda hewani. Bakteria na kuvu wanayala mabaki yale na kuitoa kaboni yake kama kaboni dioksaidi. Mshale F unatoka kwenye mabaki kwenda kwenye makaa na mafuta. Huo ni uundwaji wa fueli za visukuku, kazi ya mamilioni ya miaka mahali ambapo oksijeni ni haba kiasi kwamba uozaji haukukamilika. Wa mwisho, G, kutoka kwenye makaa na mafuta kwenda hewani, ni mwako.

Mshale B unastahili kukaa nao kidogo, maana ndiko alama zinakopotea. Kuna imani kwamba mimea hufanya usanisinuru mchana na kupumua usiku tu. Sivyo. Seli za mmea zinapumua saa zote, mchana na usiku. Mchana usanisinuru huwa na kasi zaidi, kwa hiyo kwa jumla jani linapokea kaboni dioksaidi nyingi kuliko linayoitoa. Mchoro hauonyeshi jumla hiyo. Unaonyesha kila mchakato kwa mshale wake, na B hubaki upumuaji hata kama jua limechorwa likiwaka.

Ugumu unazidi pale mishale miwili inapotoka kwenye mimea kwenda hewani. Mwanzo na mwisho ni vilevile, na hata badiliko la kikemia kwa jumla linafanana, kwa sababu upumuaji na mwako wa kuni vyote vinatumia oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi na maji. Mfano wa sukari ndani ya seli ni huu:

C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O

Hapo kanuni ya mwanzo na mwisho peke yake haitoshi. Tafuta alama ya moto, msitu unaofyekwa au rundo la kuni. Mshale wenye alama hiyo ni mwako, na mwenzake ni upumuaji. Pasipo alama yoyote na mshale ukiwa mmoja, andika upumuaji.

Iwapo mishale ina tarakimu, zitumie kuthibitisha majibu. Kwa makadirio yanayotumika sana, usanisinuru wa nchi kavu huchukua takriban gigatani 120 za kaboni kwa mwaka, na mwako wa fueli za visukuku huingiza hewani takriban 10. Mshale mnene kupita wote katika nchi kavu hauwezi kuwa wa viwanda, ingawa ndio unaozungumzwa sana. Kaboni dioksaidi inaongezeka hewani kwa sababu upumuaji na uozaji hurudisha karibu chote kilichochukuliwa na usanisinuru, halafu zile 10 zinakuja juu yake bila mshale wa kuzilipa zote.

Kwa bahari, kumbuka kuwa mishale ni miwili: kaboni dioksaidi inayeyuka majini, na nyingine inatoka majini kurudi hewani. Angalia ncha, basi.

Mchoro wa maji ni mwepesi zaidi ukiuliza kama maji yamebadilika hali. Kutoka baharini au ziwani kwenda hewani, kimiminika kimekuwa mvuke: mvukizo. Kutoka kwenye majani kwenda hewani badiliko ni lilelile, ila chanzo ni mmea, maji yakipitia vitundu vidogo vya jani viitwavyo stomata. Basi ni utoaji mvuke wa mimea. Mshale kutoka mawinguni kwenda chini ni unyeshaji, iwe mvua, theluji au mvua ya mawe. Maji yanayoteremka juu ya ardhi kuelekea mtoni ni mtiririko wa juu, na yanayozama udongoni ni upenyaji. Katika hiyo miwili hali haikubadilika, mahali tu ndipo palipobadilika.

Unaobaki ni mtonesho, nao huchanganya kwa sababu mwanzo na mwisho wake vyote viko hewani. Wingu si mvuke. Mvuke wa maji hauonekani kwa macho; wingu linaonekana kwa sababu ni matone madogo sana au chembe za barafu. Kwa hiyo mshale unaotoka kwenye mvuke na kuishia kwenye wingu ni mtonesho, na aliyeandika mvukizo kwa kuwa mshale unapanda ameangalia upande na kusahau hali. Lakini mshale wa ulalo kutoka wingu lililo juu ya bahari kwenda wingu lililo juu ya nchi kavu si mtonesho pia. Hakuna kilichobadilika hali. Upepo umesafirisha unyevu tu, na jina lake ni usafirishaji. Kama neno hilo halimo kwenye orodha uliyopewa, rudi uangalie mshale unaanzia wapi hasa, kwani huenda mwanzo wake ni mvuke na si wingu.