Habari ya mahafali kwa aya tano na jambo moja uliloliona

Kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, mwandishi wa habari wa wilayani hapa Tanzania anaweza kutumwa kwenye mahafali mawili au matatu kwa wiki, kwa sababu shule nyingi za sekondari huwaaga wanafunzi wa kidato cha nne kabla hawajafanya mtihani wa taifa. Habari zinazorudi mezani huwa na sura moja: wahitimu wametakiwa kuepuka makundi yasiyofaa, hayo yamesemwa na mgeni rasmi, aidha mgeni rasmi huyo amewaasa wazazi. Ukibadilisha jina la shule, habari ya mwaka jana inafaa kuchapishwa leo. Hapa nitaeleza namna ninavyoifanya kazi hii sasa, nikitumia mahafali ya shule moja ya sekondari ya kata. Jina la shule nimeliacha na tarakimu nimezibadili ili isitambulike.

Hatua ya kwanza: ipate risala kabla ya sherehe

Habari ya mahafali mara nyingi haimo katika hotuba ya mgeni rasmi, bali katika risala ya wahitimu. Hotuba hutoa nasaha, lakini risala hutaja mahitaji, na mahitaji hayo huwa na idadi: matundu ya vyoo, walimu wa hesabu, viti, maji. Mpigie simu mwalimu wa taaluma siku moja kabla, umwombe nakala. Wengi hukubali, kwa kuwa risala huwa imeshachapwa na kupitiwa na mkuu wa shule.

Katika simu hiyo hiyo uliza swali moja zaidi: walioanza kidato cha kwanza pamoja na wahitimu hawa walikuwa wangapi? Pale nilipokwenda mimi walianza 131 na waliokuwa wakihitimu ni 104. Pengo hilo linavutia, lakini usikimbilie kuandika kwamba wanafunzi 27 wameacha shule. Wapo waliohamia shule nyingine, na wapo waliorudia darasa baada ya kushindwa upimaji wa kidato cha pili, ambao bado wamo humo humo shuleni. Mwalimu alipofungua daftari la mahudhurio nami, walioacha shule kweli walikuwa wanne. Nikaiacha tarakimu hiyo nje ya habari, kwa sababu haikuwa na uzito niliokuwa nimeudhania.

Hatua ya pili: usikae meza kuu

Waandishi hutengewa viti karibu na meza kuu, penye maji ya chupa na kivuli kizuri. Ukikaa hapo utaona migongo ya wahitimu na kusikia hotuba tu. Mimi huzunguka. Daftari langu nalikunja katikati: upande wa kushoto naandika yanayosemwa, na upande wa kulia naandika ninayoyaona, pamoja na saa. Upande wa kulia usipojaa nusu ukurasa, najua nilikuwa nimekaa.

Saa yenye mavuno ni ile ambayo waandishi wengi wameshaondoka, yaani kati ya mwisho wa hotuba na chakula, wakati watu wanapanga picha ya pamoja. Ratiba imekwisha na walimu wamepumua, kwa hiyo watu wanarudia hali yao ya kawaida. Siku ile, wahitimu walipoinuka kwenda kupiga picha chini ya mwembe, wanafunzi wa kidato cha kwanza waliokuwa wamesimama pembeni ya turubai waliingia mbio wakaanza kuvipindua viti vilivyoachwa. Kila mmoja alikuwa na kipande cha chaki. Nilisogea nikapindua kiti kimoja mwenyewe. Chini ya ubao wa kukalia palikuwa na majina mawili, la juu likiwa limekatwa kwa mstari.

Hatua ya tatu: lijaribu jambo hilo kabla hujalipenda

Jambo uliloliona halistahili kuingia katika habari kwa sababu tu linapendeza. Mimi hulipima kwa maswali mawili. La kwanza: je, ningeweza kuliona kwenye mahafali mengine yoyote? Vigelegele, mashada shingoni, mama anayelia na keki inayolishwa kwa kijiti vyote huanguka hapo. La pili: je, linashikamana na kitu kilichotajwa kwenye risala? Risala ya siku ile ilitaja upungufu wa viti 70. Majina ya chaki yalikuwa ni upungufu ule ule, isipokuwa sasa ulikuwa unaonekana.

Baada ya hapo inabaki kazi ya kuthibitisha, na hii niliijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa nyuma niliandika kwamba wahitimu wa shule fulani walipokea vyeti wakiwa pekupeku, nikaacha msomaji afikirie umaskini. Mkuu wa shule alimpigia mhariri asubuhi yake. Usiku wa kuamkia sherehe mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ukawa tope, na wanafunzi wakaambiwa waache viatu darasani ili jukwaa lililotandikwa zulia la kuazima lisichafuke. Nilikuwa nimeona sawasawa, ila sikuuliza.

Kwa hiyo safari hii niliuliza watu watatu. Mwanafunzi mmoja alinieleza kwamba darasani mwao baadhi yao hukaa wawili kwenye kiti kimoja, na kwamba anayewahi kuandika jina ndiye atakayekichukua kiti wahitimu wakishamaliza mtihani. Mwalimu wa zamu alithibitisha kwamba wanakaa hivyo. Mkuu wa shule alicheka kwanza, kisha akasema viti vitagawiwa kwa orodha ya darasa na chaki haitambuliwi. Jibu hilo lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia. Jina la mwanafunzi sikuliandika, kwani ni mtoto, na habari haikulihitaji.

Hatua ya nne: andika aya tano, usizidishe

Hivi ndivyo ningeandika zamani:

> WAHITIMU wa kidato cha nne wametakiwa kuzingatia masomo na kuepuka vishawishi ili waweze kutimiza ndoto zao. Wito huo umetolewa juzi na diwani wa kata alipokuwa mgeni rasmi katika mahafali ya shule hiyo.

Na hivi ndivyo nilivyoandika:

> WAHITIMU wa kidato cha nne walipoinuka kwenda kupiga picha ya pamoja juzi, wanafunzi wa kidato cha kwanza walivipindua viti vyao na kuandika majina kwa chaki chini yake, kila mmoja akijiwekea kiti cha kukalia mitihani ya Novemba itakapokwisha.
>
> Shule hiyo ina upungufu wa viti 70, kwa mujibu wa risala iliyosomwa katika mahafali ya wahitimu 104, na baadhi ya wanafunzi wa kidato cha kwanza hukaa wawili kwenye kiti kimoja.
>
> Mgeni rasmi, diwani wa kata, aliahidi viti 60 ifikapo Novemba 15, akisema seremala ameshapatikana.
>
> Mkuu wa shule alisema viti vya wahitimu vitagawiwa kwa kufuata orodha ya darasa na kwamba majina ya chaki hayatatambuliwa.
>
> Wahitimu hao wataanza mtihani wa taifa mwezi ujao.

Aya ya kwanza ni tukio lenyewe, bila sifa wala maelezo. Nilikuwa nimeandika “katika hali ya kusikitisha” mwanzoni, kisha nikayafuta maneno hayo, kwa kuwa msomaji aliyeona chaki hahitaji kuambiwa ahuzunike, na huenda yeye akacheka. Aya ya pili inabeba tarakimu na chanzo chake, na ndiyo inayoifanya aya ya kwanza kuwa habari badala ya kichekesho. Zisiachane: ukiingiza hotuba katikati, msomaji atasahau viti kabla hajaambiwa vinapungua vingapi.

Aya ya tatu ndiyo yenye ugomvi na dawati. Mhariri atakuuliza kwa nini mgeni rasmi ameshushwa, na waandaaji nao watauliza, hasa wale waliokukabidhi bahasha. (Bahasha irudishe hapo hapo, mbele ya mtu wa tatu, kwa sababu ukiipokea umeshapangiwa aya ya kwanza.) Jibu langu kwa mhariri ni kwamba mgeni rasmi anaingia kwa alichoahidi, wala si kwa alichonasihi. Diwani yule alizungumza dakika 35, na kati ya hizo nilichukua idadi moja na tarehe moja. Hata tarehe sikuipata jukwaani. Jukwaani alisema “hivi karibuni”, nami nikamfuata kwenye gari nikamuuliza lini. Kama asingetaja siku, ningeandika kwamba hakutaja siku.

Aya ya nne inampa nafasi anayewajibika, na ya tano inamwambia msomaji wa mbali kwamba sherehe hii hufanyika kabla ya mtihani. Hapo ndipo pa kukoma. Usirudi kwenye chaki ili kufunga kwa mbwembwe, kwani tukio likitajwa mara mbili hupungua nguvu. Kulikuwa pia na jambo lililonivuta: kabla ya elimu bila ada kuanza 2016, shule nyingi ziliwataka wazazi wampeleke mtoto na kiti na meza yake. Ni kweli na linahusika, lakini lingehitaji aya mbili na sauti ya ofisi ya elimu, kwa hiyo niliiweka pembeni iwe habari nyingine.

Hatua ya tano: kichwa, na toleo la redio

Kichwa kiandike mwisho, kitokane na aya ya kwanza na kiwe na kitenzi. Mimi nilipeleka “Waandika majina kwa chaki kuwahi viti vya wahitimu”, na meza ya uhariri haikukigusa. “Wahitimu wafundwa” kingekuwa kifupi zaidi, ila kinaweza kukaa juu ya habari yoyote ya Oktoba.

Kwa redio, anza na sauti. Nilikuwa nimerekodi sekunde 8 za viti vikiburuzwa sakafuni na watoto wakiitana, na hizo zilitosha kuwa aya ya kwanza. Mtangazaji akasema “hao ni wanafunzi wa kidato cha kwanza wakiandika majina kwenye viti vya kaka na dada zao”, akaendelea na upungufu na ahadi, akamaliza chini ya sekunde 40.

Ile tarehe ya diwani niliiandika kwenye kalenda ya dawati siku hiyo hiyo. Novemba 16 nilimpigia mwalimu wa taaluma. Viti 24 vilikuwa vimefika, vilivyobaki vilikuwa bado kwa seremala vikisubiri rangi na malipo ya pili, na diwani alipopokea simu alisema wiki mbili zaidi. Hiyo ikawa habari ya sentensi tatu, ukurasa wa 6.