Somo: Kupanga fomu ya usingizi sehemu tano, na saa moja inayoziunganisha

Wenzangu wa Kigoma, nianze na kosa nililolikuta mwenyewe. Mama aliletwa kwetu kwa oparesheni ya pili, akiwa na fomu ya kituo alikotoka. Iliandikwa "ketamini, 4:20". Je, ni saa nne asubuhi au saa kumi jioni? Hakuna aliyejua, nasi tulitaka kujua dawa ya mwisho ilipita lini. Tangu siku hiyo naanza kupanga fomu kwa saa: mtindo wa saa 24, kutoka kwenye saa ileile ya ukutani, kwa sehemu zote tano.

Tutumie mfano wa mama wa miaka 27 kutoka Ujiji, kilo 62, mwenye kovu la upasuaji wa uzazi uliopita, anayejifungua tena kwa upasuaji.

1. Tathmini kabla ya upasuaji. Mama anasema alikula ugali na dagaa "saa mbili usiku", akanywa maji "saa kumi na moja alfajiri". Andika 20:00 na 05:00. Usiandike "hajala", maana neno hilo halimwambii msomaji tumbo limekaa tupu kwa muda gani. Ongeza presha ya kuanzia (118/74), mapigo, wingi wa damu, mzio, usingizi wa nyuma ulikwendaje, na kinywa na shingo vikoje. Shingo iangalie hata kama unachoma sindano ya mgongo, kwa sababu ganzi inaweza kugoma.

2. Kuanzisha. 10:05, amekaa, sindano namba 25 kati ya pingili L3 na L4, maji ya uti wa mgongo safi, bupivakeini nzito 0.5% mililita 2, yaani miligramu 10. Wengi huishia hapo. Bado hujaandika ganzi imefika wapi: gusa kwa pamba yenye spiriti, kisha andika "10:10, baridi haisikiki hadi usawa wa chuchu, pande zote mbili".

3. Kuendeleza. Hapa ni jedwali: presha, mapigo na oksijeni kila dakika 5, pamoja na mistari ya dripu na dawa. Andika namba unayoiona kwenye mashine. Presha iliyonyooka 120/80 kuanzia mwanzo hadi mwisho ni dalili kwamba fomu ilijazwa baada ya kazi.

4. Matukio. Kila tukio lina mambo manne: saa, ulichokiona, ulichofanya, kilichofuata. Mama wetu:

"10:12. Presha 84/46, mapigo 96, anasema kichefuchefu na kizunguzungu. Amelazwa akiinamia kushoto, dripu imefunguliwa, efedrini mg 6 kwenye mshipa. 10:14 presha 92/54, efedrini mg 6 tena. 10:17 presha 108/64, kichefuchefu kimeisha. Mtoto ametoka 10:21."

Ukiandika tu "presha ilishuka, ikatibiwa", daktari wa watoto akikuta mtoto amechoka hatajua presha ya mama ilikaa chini kwa dakika 5 au 25.

5. Kuamka. 11:05 amepokelewa, presha 112/68, oksijeni 98%, miguu bado haisogei. 12:10 anakunja magoti. Andika damu inavyotoka, maumivu, na nani amempokea wodini, saa ngapi.

Maswali ya wanachama

*Muuguzi, Kasulu:* Mwalimu, efedrini niiandike kwenye kuendeleza au kwenye matukio?

Kote kuwili, dada. Kwenye jedwali weka dozi chini ya saa yake, ili jumla ipatikane: hapa mg 12. Kwenye matukio weka sababu. Saa zikipishana, msomaji atadhani umetoa mara nne.

*Kibondo:* Usiku niko peke yangu na mgonjwa anazama. Naandikaje?

Mgonjwa kwanza, kaka. Mwombe muuguzi anayezunguka ataje saa kwa sauti na aiandike kwenye kipande cha plasta. Mashine nyingi huhifadhi vipimo vya nyuma, virudie. Kisha andika "imeandikwa baadaye, 11:20" na usaini. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja neno la zamani lisomeke.

*Uvinza:* Ganzi ya mgongo ikigoma tukamlaza usingizi kamili, nianze fomu mpya?

Hapana. Acha ya kwanza kama ilivyo, kwenye matukio andika "10:20, bado anasikia maumivu kwenye kidonda, tunalaza kamili". Halafu fungua kuanzisha kwa pili kwenye fomu ileile, na saa yake, dawa, namba ya mpira wa koo na jinsi ulivyohakikisha umekaa mahali pake. Miligramu 10 za bupivakeini zilizokwisha kuingia zibaki zikionekana. Atakayempokea lazima ajue kwamba mama huyu anaweza kuamka miguu ikiwa bado imekufa ganzi.