Kabla hujatuma meseji ya shukrani, ikate kwenye vitenzi

Meseji ya haraka huharibika zaidi kwa kukosa nukta kuliko kwa makosa ya herufi. Isome polepole, na kila kitenzi kinapoanza jambo jipya, weka nukta. Mfano:

"shangazi pesa uliotuma nimeipata jana ya ada asante sana nilikua nimekwama nimeshalipa risiti ntakutumia kesho mungu akubariki"

Ukishaikata, utaona "ya ada" imeachwa mbali na "pesa", na asante imefichwa katikati. Rudisha "ya ada" mahali pake, kisha ipeleke asante mbele, maana ndicho anachotakiwa kusoma kwanza. Tahajia iwe ya mwisho: uliotuma iwe uliyotuma, ntakutumia iwe nitakutumia, nilikua iwe nilikuwa. Hilo la mwisho simu hailikamati, kwa sababu "nilikua" ni neno sahihi lenye maana ya kuongezeka kimo.

"Shikamoo shangazi. Asante sana kwa pesa ya ada uliyotuma. Nimeipata jana. Nilikuwa nimekwama. Nimeshalipa, na kesho nitakutumia risiti. Mungu akubariki."

Njia hii hukwama penye "ili", "kwamba" au "kwa sababu": ukiweka nukta hapo, kipande cha pili kinaning'inia. Pia chunga maneno ya wakati. "Uliyotuma jana" na "nimeipata jana" ni habari mbili tofauti, kwa hiyo unapopanga upya, "jana" ibaki na kitenzi chake. Na kwa rafiki wa rika lako, ziache "ntakutumia" na wenzake. Ukizinyoosha zote, atadhani umemnunia.